Mbona Karatasi Nyeupe Inatoka Kijivu? Picha Safi za Bidhaa kwa Simu, Nyumbani Kwako

Tuseme unauza viatu vya mitumba katika soko la Kakamega, na jioni ukifika nyumbani unaposti stoki yako kwenye WhatsApp. Kastoma aliye Webuye anaona viatu vya ngozi vya kahawia, anatuma pesa kwa simu, nawe unafunga mzigo na kuupandisha matatu. Kesho yake anakupigia: "Hivi si vya kahawia, ni damu ya mzee." Sasa pesa yake inabidi irudi, nauli ya mzigo imeshaliwa, na viatu bado viko Webuye.

Hapo hakuna aliyemdanganya mwenzake. Kiatu kilipigwa picha usiku, chini ya balbu ya manjano, juu ya shuka la maua. Kamera haikuwa na kitu cheupe cha kuiongoza, na kastoma naye hakuwa na cha kulinganishia. Ndiyo maana tunapenda picha yenye nyuma peupe. Unajua karatasi yako ni nyeupe. Ikitoka ya manjano au ya buluu kwenye picha, basi na rangi ya kiatu imehama. Karatasi ni shahidi wako.

Hebu tupige hivyo viatu vya damu ya mzee upya, hatua kwa hatua.

1. Tafuta dirisha lisilopigwa na jua

Kakamega iko karibu sana na ikweta, kwa hivyo mwaka mzima dirisha la mashariki hupata jua asubuhi na la magharibi hulipata alasiri. Fanya kinyume: asubuhi tumia dirisha la magharibi. Jua likiingia moja kwa moja huacha kivuli cheusi chenye ukingo mkali, na kivuli hicho ni kigumu kuondoa baadaye. Saa tatu hadi saa tano asubuhi ni wakati mzuri, kwa sababu huku kwetu mvua hupenda kuja mchana na mawingu yake hupunguza mwanga ghafla.

Zima balbu zote. Mwanga wa dirisha na wa balbu una rangi tofauti, na ukichanganya upande mmoja wa kiatu utakuwa wa manjano na mwingine wa buluu. Ni vigumu kwa programu kuzisawazisha zote mbili kwa mara moja. Funga pia mlango kama nje kuna udongo mwekundu unaopigwa na jua, na usogeze pazia la rangi kali. Rangi hizo hurudishwa na mwanga hadi kwenye karatasi yako.

2. Tandaza karatasi bila kuikunja

Nunua karatasi moja kubwa ya manila nyeupe kwenye duka la vitabu. Sogeza meza ukutani, dirisha likiwa ubavuni mwa meza, kama mita moja hivi. Bandika ncha ya juu ya karatasi ukutani kwa selotepu, kisha iache iteremke na kulala mezani kwa mviringo. Usiikunje pale ukuta unapokutana na meza. Mkunjo hutoa mstari wa kijivu nyuma ya bidhaa, lakini mviringo hauonyeshi mstari wowote.

Weka viatu shubiri moja mbele ya mviringo huo ili kivuli chao kianguke mezani, kisipande nyuma. Upande ulio mbali na dirisha utakuwa na giza. Simamisha hapo karatasi nyingine nyeupe, au kadibodi uliyoifunika kwa karatasi, shubiri moja kutoka kwenye kiatu. Itarudisha mwanga, na utaona mishono ya upande ule ikijitokeza.

3. Mwambie kamera kwamba nyeupe ni nyeupe

Hapa ndipo wengi hukwama. Karatasi ni safi, mwanga ni mzuri, na bado picha inatoka kijivu. Sababu ni kwamba kamera hukadiria mwanga ikidhani kila inachokiona ni cha wastani, si cheupe sana wala cheusi sana. Ikiona karatasi nyeupe imejaa kwenye picha, inadhani kuna mwanga kupita kiasi na inaipunguza.

Futa lenzi kwa kitambaa laini, zima flashi na uondoe filta zote. Rudi nyuma kama mita moja. Ukikaribia sana, ncha ya kiatu itavimba kuliko kisigino. Nafasi iliyobaki utaikata baadaye. Gusa kiatu kwenye skrini. Kwenye simu nyingi kitatokea kialama cha jua. Kitelezeshe juu polepole hadi karatasi ikaribie weupe. Acha pale ambapo bado unaona mishono na mikwaruzo. Ukipita hapo, ngozi itapauka na damu ya mzee itakuwa nyekundu ya kawaida.

4. Rangi kwanza, weupe baadaye

Kwa marekebisho, programu ya Snapseed ni ya bure na inatosha. Anza na White Balance: chukua kile kialama cha kudondoshea rangi na ukiweke juu ya karatasi, mahali pasipo na kivuli. Programu itaisawazisha karatasi, na rangi ya kiatu itafuata. Kisha fungua Selective, weka alama kwenye karatasi na uongeze Brightness ya sehemu hiyo tu. Rudia kwenye pembe zilizobaki na giza.

Acha kivuli kidogo chini ya soli. Ukikifuta chote, kiatu kitaonekana kinaelea hewani.

Kama bidhaa yenyewe ni nyeupe

Raba nyeupe juu ya karatasi nyeupe hupotea ukingo. Hapa fanya kinyume: badala ya kadibodi nyeupe, simamisha kadibodi nyeusi kushoto na kulia, nje kidogo ya picha. Weusi wake utachora mstari mwembamba wa giza kwenye kingo za raba, na umbo litarudi. Karatasi iache ibaki kijivu hafifu. Ukilazimisha weupe kamili, utafuta raba pamoja na madoa yake, na kastoma atakutana na madoa hayo akifungua mzigo.

Kabla ya kuposti

Angalia kama simu yako iko kwenye hali ya usiku inayofanya skrini kuwa ya manjano, uizime. Kisha rudi kwenye dirisha lile lile, shika kiatu chenyewe kando ya skrini na ulinganishe. Karatasi kwenye picha iko sawa na karatasi mezani? Damu ya mzee ni ile ile? Kama sivyo, rudi kwenye White Balance.

Ongeza picha ya pili ya soli na ya tatu ya karibu inayoonyesha mkwaruzo wowote. Skrini ya mteja pia inaweza kubadilisha rangi, kwa hivyo iandike kwa maneno: "Ngozi, damu ya mzee, saizi 42, mkwaruzo mdogo kisigino cha kushoto." Mwombe mteja athibitishe hayo kwenye ujumbe kabla hajatuma pesa. Mkikosana baadaye, ujumbe huo na picha hizo ndizo mtakazoangalia wote wawili.