Kocha wa Nyakuron, andika wasifu unaokagulika

Kocha anayeishi Nyakuron na kutafuta kazi ndani ya Juba hana waajiri wengi. Timu za mtaani hazilipi mshahara. Zikijaliwa hutoa nauli ya boda na maji. Wanaolipa kila mwezi ni shule binafsi, mashirika yenye miradi ya michezo kwa vijana, na jimu za hoteli. Shule na mashirika watakukabidhi watoto, kwa hiyo anayesoma wasifu wako anataka kujua jambo moja kabla ya mengine: nikimwachia huyu watoto 30 uwanjani, nitalala usingizi? Habari za vikombe zitafuata.

Makocha wengi huandika kinyume chake. Wanaanza na mapenzi ya mpira tangu utotoni, wanapanga vikombe, kisha mwisho kabisa, chini ya lugha na hobi, wanachomeka: “Nimepata mafunzo ya ulinzi wa watoto.” Yalitolewa na nani? Lini? Siku ngapi? Hakuna jibu, na msomaji anahamia kwa mwombaji mwingine.

Tuchukue kocha wa mfano. Amefundisha timu ya wavulana chini ya miaka 13 huko Nyakuron kwa misimu mitatu, ana leseni ya kwanza ya mpira wa miguu, na jioni huwafanyisha mazoezi watu wazima wachache kwa malipo. Anaomba kazi ya kocha wa michezo katika shirika. Ukurasa wa kwanza, chini ya jina na simu, aweke sehemu ndogo yenye mambo mawili tu: leseni na ulinzi wa watoto.

Leseni ziandikwe kwa daraja. Ngazi za CAF huanzia D, zikapanda C, B na A, na juu kabisa kuna ile ya kiprofesheni. CAF hudai leseni A kwa kocha mkuu wa klabu inayoshiriki mashindano yake ya bara, kwa hiyo kuandika “kocha wa CAF” bila herufi hakumwambii mtu kitu. Mstari kamili una daraja, shirikisho lililoendesha kozi, mwezi na mwaka, na namba ya leseni kama ipo. Warsha ya siku mbili iitwe warsha. Anayeigeuza kuwa leseni hukamatwa kwa simu moja tu kwa chama cha mpira, na hapo hata yale ya kweli aliyoandika huanza kutiliwa shaka. Hali ni hiyo hiyo kwa mpira wa kikapu. Tangu Sudan Kusini icheze Olimpiki ya Paris mwaka 2024, kila mwenye filimbi Juba amekuwa kocha wa kikapu, kwa hiyo aliye na cheti halisi akionyeshe wazi. Cheti cha huduma ya kwanza nacho kiandikwe pamoja na tarehe ya kuisha.

Sasa ulinzi wa watoto. Sehemu hii ina mistari ya aina mbili: ulichosomea na ulichofanya. Asiye na mafunzo anaweza kuanza na kozi za FIFA Guardians, zinazotolewa bure mtandaoni tangu 2021. Aandike jina la kozi, aliyeitoa na tarehe ya kumaliza. Lakini cheti cha mtandaoni kinaonyesha tu kwamba ulisoma. Mwajiri hushawishika zaidi akiona utaratibu uliouendesha mwenyewe. Kwa kocha wetu, mistari hiyo ingesomeka hivi:

“Kila mazoezi yalisimamiwa na watu wazima wawili, mmoja akiwa mwanamke. Wazazi walisaini fomu ya ridhaa kabla ya msimu. Sikuwasiliana na mchezaji kwa simu faraghani. Ujumbe ulipita kwenye kundi la wazazi. Malalamiko yalipelekwa kwa mwenyekiti wa timu na kuandikwa kwenye daftari.”

Aandike yale tu yaliyofanyika, maana kwenye usaili ataulizwa daftari hilo lilitunzwa wapi na nani alikuwa na ruhusa ya kulisoma. Kama kulikuwa na lalamiko, wasifu usitaje mtoto wala kisa chake.

Umri ni eneo linalowaponza wengi. Sheria ya Mtoto ya Sudan Kusini ya mwaka 2008 inamhesabu mtoto kuwa ni yeyote aliye chini ya miaka 18. Mshambuliaji wako wa miaka 17, hata kama ameshaanza kunyoa ndevu, bado ni mtoto, na kanuni zote zinamhusu. Tena watoto wengi hawana cheti cha kuzaliwa. Ukiandika “timu chini ya miaka 13”, ongeza jinsi mlivyohakikisha: cheti cha kuzaliwa, rekodi ya shule, au kauli ya mzazi iliyoandikwa. Mstari huo mmoja unaeleweka haraka kwa yeyote aliyewahi kuona mashindano ya vijana yakivurugika kwa vijeba.

Matokeo yanahitaji idadi, muda na mtu wa kuthibitisha. “Niliinua kiwango cha timu” hakuna anayeweza kukagua. Kocha wetu aende kwenye daftari la mahudhurio. Tuseme alianza msimu na watoto 24 na kuumaliza na 21, mazoezi mara tatu kwa wiki, yakipungua miezi ya mvua uwanja unapogeuka tope. Aandike hivyo hivyo, na mvua yake. Kwa watoto wa umri huo, kubaki kwenye timu ni matokeo mazito kuliko kombe la siku moja la timu nne. Kama wawili walichaguliwa timu ya shule ya sekondari, aitaje shule, asitaje watoto. Asiye na daftari aanze leo. Asibuni la msimu uliopita.

Wateja wa mazoezi ya mwili huelezwa bila majina: “Mwanamke wa miaka 41, wiki 12, alianza kwa kutembea kilomita 3, akamaliza akizikimbia bila kusimama.” Usijitwalie ushindi wa kushusha presha au sukari, hiyo ni kazi ya daktari, na jimu makini itakuogopa. Picha za kabla na baada ziache, na picha za watoto zisikae kabisa kwenye wasifu.

Wadhamini wawe watatu, na angalau mmoja awe aliyekusimamia ukiwa na watoto. Mashirika mengi ya misaada yako ndani ya mpango wa kuulizana kuhusu mwenendo wa waombaji, ambapo waajiri wa miaka mitano iliyopita huulizwa kama kulikuwa na kosa la unyanyasaji wa kingono. Kwa hiyo usiache pengo la miezi bila maelezo. Kama ulikuwa Kakuma, Kampala au kijijini bila kazi, andika mwezi na mwaka na useme hivyo. Pengo lenye maelezo halimtishi mtu. Lililofichwa linaibua maswali.

Wasifu wote usizidi kurasa mbili, na uandikwe kwa Kiingereza, lugha ya ofisi nyingi za Juba. Kwenye sehemu ya lugha taja Kiswahili na Kiarabu cha Juba: kocha anayeeleweka na mtoto aliyerudi kutoka Kenya na pia aliyekulia Munuki ana sifa ambayo cheti hakiitoi.

Kabla ya kuutuma, wapigie wadhamini wako wote, uwaulize kama namba zao bado zinapatikana na kama watayathibitisha uliyoyaandika. Mstari ambao hakuna hata mmoja wao anayeweza kuuthibitisha, ufute.