SOMO LA KATIBU: KUUGEUZA WARAKA KUWA ORODHA YA KAZI

Waraka wa Mrajis unapofika chamani, mara nyingi husomwa mara moja na kutiwa katika jalada. Baada ya miezi kadhaa mkaguzi huja na kuuliza: kazi ya aya ya saba ilifanywa na nani, na lini? Somo hili linaeleza namna ya kuutoa waraka jaladani na kuufanya orodha ya kazi.

Tume ya Maendeleo ya Ushirika, yenye makao makuu Dodoma, iliundwa kwa Sheria ya Vyama vya Ushirika Na. 6 ya mwaka 2013. Miongoni mwa mambo inayoyasimamia ni ukomo wa madeni. Chama kinachotaka kukopa pembejeo za alizeti au ufuta hakiwezi kufanya hivyo kihalali bila ukomo ulioidhinishwa na Mrajis. Kwa hiyo tarehe moja ikipita, wanachama hulima msimu mzima bila mkopo.

Hatua ya kwanza: kuzitenganisha kazi

Waraka usomwe kwa kalamu mkononi. Kila penye maneno kama “kitahakikisha”, “atawasilisha” au “ni marufuku”, pigwe mstari: hapo pana wajibu. Penye “inashauriwa” pana ushauri, nao uandikwe kando. Kisha sentensi ndefu ikatwe. Ichukuliwe, kwa mfano, aya kama hii:

“Kila chama kitahakikisha kuwa makisio ya mapato na matumizi pamoja na ukomo wa madeni vinapitishwa na Mkutano Mkuu na kuwasilishwa kwa Mrajis Msaidizi siku zisizopungua 60 kabla ya mwaka wa fedha kuanza, vikiambatana na muhtasari wa mkutano.”

Ni sentensi moja, lakini ina kazi tano: kuandaa makisio, kuyapitisha kwenye Bodi, kuitisha Mkutano Mkuu, kuandika muhtasari, na kuwasilisha.

Hatua ya pili: kuhesabu kurudi nyuma

Ikiwa mwaka wa fedha unaanza tarehe 1 Julai, siku 60 kabla yake ni tarehe 2 Mei. Makatibu wengi huandika tarehe hiyo tu, na hapo ndipo kosa huanzia. Tarehe 1 Mei ofisi za Serikali hufungwa kwa Sikukuu ya Wafanyakazi, na tarehe 26 Aprili kwa Sikukuu ya Muungano. Basi chama kijiwekee tarehe 25 Aprili, au siku ya kazi iliyo kabla yake.

Ichukuliwe pia kwamba masharti ya chama yanataka taarifa ya mkutano ya siku 21, na ya siku 7 mkutano ukirudiwa kwa kukosa akidi. Katika nyanda za kati Aprili bado wanachama wengi wako mashambani, hivyo akidi kukosekana si jambo la ajabu. Nafasi ya kurudia mkutano ni lazima iwekwe tangu mwanzo. Orodha itakuwa hivi:

1. Makisio kuandaliwa: Mhasibu, 10 Machi.
2. Bodi kuyajadili: Mwenyekiti, 20 Machi.
3. Taarifa ya mkutano kubandikwa: Katibu, 23 Machi.
4. Mkutano Mkuu: Mwenyekiti, 13 Aprili, wa kurudiwa, 20 Aprili.
5. Muhtasari kutiwa saini: Katibu, 22 Aprili.
6. Kuwasilisha: Katibu, 25 Aprili.

Kumbe tarehe iliyoonekana kuwa ya Mei, kwa Mhasibu ni ya Machi.

Hatua ya tatu: jina na ushahidi

Pembeni ya kila kazi iandikwe namba ya aya, ili anayebisha aurudie waraka wenyewe. Mhusika awe mtu mmoja mwenye cheo. Neno “uongozi” halimtaji yeyote. Mwisho uandikwe ushahidi: nakala yenye mhuri wa kupokelewa, au uthibitisho wa Mfumo wa Usimamizi wa Vyama vya Ushirika, MUVU, endapo waraka unataka taarifa ipitie huko. Kazi isiyo na ushahidi isifutwe katika orodha.

Mambo ya kuangalia

“Ndani ya siku 14 tangu tarehe ya waraka” si sawa na “tangu kupokelewa”. Waraka wa tarehe 3 ukifika tarehe 12, kwa maneno ya kwanza zimebaki siku tano tu. “Siku” na “siku za kazi” nazo hutofautiana. Tena, waraka mpya ukifuta wa zamani, mistari ya zamani iondolewe siku hiyo hiyo. Neno lisiloeleweka liulizwe kwa Mrajis Msaidizi kwa barua. Orodha isijazwe kwa kubahatisha.

Zoezi

Masharti ya chama chenu yanataka taarifa ya siku ngapi kabla ya Mkutano Mkuu? Kwa hesabu hiyo, Mhasibu wenu aanze makisio tarehe gani?