Kolesteroli Maabarani: Mambo ya Kufanya na Kutofanya Jibu Likiwa la Ajabu

Orodha hii imeandikwa kwa anayepima na kwa anayesoma majibu. Anayetaka kujua ale mayai mangapi atafute kwingine.

Jua mashine inaona nini. Mashine haioni kolesteroli. Inaona rangi nyekundu kwenye mwanga wa nanomita 500 hivi, na rangi hiyo ndiyo inayogeuzwa kuwa namba. Sehemu kubwa ya kolesteroli ya kwenye damu, karibu asilimia 70, imefungamana na asidi za mafuta. Kimeng'enya cha kwanza, kolesteroli esterasi, kinaifungua. Cha pili, kolesteroli oksidesi, kinaioksidisha, na hapo hidrojeni peroksidi inazaliwa. Cha tatu, peroksidesi, kinaitumia peroksidi hiyo kuunganisha fenoli na 4-aminoantipirini, na rangi inajitokeza. Njia hii imekuwa ya kawaida tangu miaka ya 1970, na kwa damu ya watu wengi inafanya kazi vizuri. Ila chochote kinachoila peroksidi katikati ya safari kitapunguza rangi, na mashine itaandika namba ndogo bila kusitasita.

Usishangilie kolesteroli iliyoshuka ghafla kabla hujaangalia majirani zake. Vitamini C nyingi, hasa ya dripu, inaila peroksidi. Asetilisisteini, dawa anayopewa aliyezidisha parasetamoli, nayo huvuruga hatua hiyo ya rangi. Bilirubini ikiwa nyingi inafanya vivyo hivyo. Habari njema ni kwamba trigliseridi na asidi ya yuriki katika maabara nyingi humalizia kwa peroksidesi ileile. Zote tatu zikianguka pamoja katika sampuli moja, tafuta kilichoingia kwenye damu. Glukosi itakusaidia kama unajua inavyopimwa: ya glukosi oksidesi itaanguka nazo, ya heksokinesi itabaki palepale kwa sababu haipiti kwenye peroksidi kabisa. Muulize mgonjwa au muuguzi ni dawa gani imetolewa, kisha omba sampuli nyingine iliyochukuliwa kabla ya dozi inayofuata. Usirudie kupima sampuli ileile mara tatu ukitegemea itabadili mawazo.

Usikokotoe LDL kwa mazoea. Maabara nyingi hazipimi LDL; zinaikokotoa kwa kanuni ya Friedewald ya mwaka 1972, ambayo kwa milimoli kwa lita ni hii:

```
LDL = TC - HDL - TG/2.2
```

Sehemu ya mwisho ni makisio ya kolesteroli iliyo kwenye chembe za VLDL. Makisio hayo yanavunjika trigliseridi zikipita 4.5, na yanavunjika pia kwa mtu aliyetoka kula mlo wa mafuta mengi. Yanapotosha hata chini ya hapo LDL ikiwa ndogo. Mgonjwa anayemeza statini akiwa na kolesteroli ya jumla 3.2, HDL 1.0 na trigliseridi 3.1 atapata LDL ya 0.8 kwa hesabu. Daktari atampongeza, pengine bila haki, kwa kuwa kosa dogo tu la makisio ya VLDL linabadili jibu dogo namna hiyo kwa sehemu kubwa.

Usiifanye LDL ya kupimwa moja kwa moja kuwa hakimu wa mwisho. Hapa ndipo watu wengi hujikwaa, kwa kudhani kwamba kilichopimwa lazima kiwe na ukweli kuliko kilichokokotolewa. Kipimo hiki kina chupa mbili. Katika muundo mmoja ulioenea, chupa ya kwanza ina sabuni maalumu inayoyeyusha HDL, VLDL na kilomikroni lakini inaiacha LDL. Vimeng'enya vinaila kolesteroli ya chembe hizo, na peroksidi yake inapotea bila kutoa rangi. Chupa ya pili ina sabuni nyingine inayoifungua LDL, na sasa tu rangi inaruhusiwa kutokea. Watengenezaji wengine wanafika kwa njia tofauti. Wote wanategemea kitu kimoja: kwamba sabuni itatambua chembe kwa usahihi. Ni kama bawabu aliyefundishwa sura za wakazi wa kawaida; akija mgeni mwenye sura ya katikati, kila bawabu ataamua kivyake.

Mwaka 2010 Miller na wenzake walichapisha ulinganisho wa njia hizi na kipimo cha marejeo, kile cha kuzungusha seramu kwa kasi kubwa mno kwa saa nyingi. Kwa watu wasio na ugonjwa, njia nyingi zilifaa. Kwa watu wenye magonjwa ya moyo na ya mafuta ya damu, hakuna iliyotimiza kiwango cha makosa kinachokubalika. Yaani kipimo kinateleza kwa wale hasa ambao hesabu nayo inashindwa kuwasaidia.

Soma majibu yote kwa pamoja, hasa mgonjwa akiwa na manjano. Chukua mfano wa mgonjwa ambaye mrija wake wa nyongo umeziba. Kolesteroli ya jumla ni 15.2, HDL 0.5, trigliseridi 2.6. Hesabu inasema LDL ni 13.5, namba ya kumfanya daktari afikirie ugonjwa mzito wa kurithi. LDL ya moja kwa moja kutoka mashine nyingine inasema 4.1. Nani mkweli? Hakuna. Nyongo iliyozuiwa huzalisha chembe iitwayo lipoproteini X, iliyojaa kolesteroli isiyofungwa na fosfolipidi. Kipimo cha jumla kinaihesabu, kanuni inaitupa yote kwenye LDL, na sabuni za kila mtengenezaji zinaitendea kwa namna yake. Na bilirubini ya mgonjwa huyuhuyu inaweza kuwa inapunguza rangi wakati huohuo.

Inatambuliwaje? Kwanza kwa macho: seramu ni ya manjano lakini angavu, si nyeupe kama maziwa. Pili, omba apolipoproteini B. Kila chembe ya LDL ina moja, lipoproteini X haina. LDL ya kweli ya 13.5 ingekuja na apolipoproteini B inayopita gramu 2 kwa lita. Hapa inarudi 0.9. Tatu, ukiweza, pima kolesteroli isiyofungwa, kwa sababu hapa itachukua fungu kubwa kupita kiasi la kolesteroli ya jumla. Usiandike LDL yoyote kwenye ripoti ya mgonjwa huyu. Andika kwamba haiwezi kuaminika na useme kwa nini. Angalia sodiamu yake pia, kwa kuwa lipoproteini X ikiwa nyingi, mashine inayozimua sampuli kabla ya kupima inaweza kuonyesha sodiamu ya chini isiyo ya kweli.

Fanya hesabu ya kujumlisha. HDL na LDL zilizopimwa moja kwa moja, zikijumlishwa, haziwezi kuzidi kolesteroli ya jumla. Zikizidi, usitoe ripoti. Inashangaza ni ripoti ngapi zinatoka zikiwa hivyo.

Usilinganishe jibu la Machi na la Septemba bila kujua yalipimwaje. Tofauti ya 0.5 kati ya hesabu na kipimo cha moja kwa moja inaweza isiwe na uhusiano wowote na dawa wala mlo. Maabara iandike jina la njia kando ya kila LDL. Na maabara ikibadilisha kitendanishi, ipime sampuli zilezile kwa cha zamani na kipya, zikiwamo zenye trigliseridi nyingi, kisha iwaambie madaktari tofauti iliyoonekana kabla ya siku ya kubadilisha.