Mama hajapata choo siku 6: gliserini, enema au maji ya sabuni?

SWALI: Mama yangu ana miaka 73. Aliteleza uani akavunjika mkono, hospitali wakamfunga plasta na kumpa tramadoli ya maumivu. Leo ni siku ya 6 hajapata choo. Anakula kidogo, hatapiki, na upepo unatoka. Tangu jana nakuta kanga yake imelowa choo cha majimaji, lakini bado analalamika tumbo limejaa na kwamba kuna kitu kimeziba huko chini. Ana presha, anatumia losartani na vidonge vya kukojoza. Duka la dawa wamenipa vidonge vya gliserini vya kuweka nyuma, pamoja na chupa ya enema yenye fosfati, wakasema kimoja kikishindwa nitumie kingine. Jirani naye ananishauri maji ya sabuni. Nifanye lipi? – Msomaji, Muheza.

JIBU: Kidonge cha gliserini unaweza kumwekea mama leo. Chupa ya enema ya fosfati usimpe, hata kama gliserini itashindwa. Maji ya sabuni usiyaguse kabisa. Na hata akipata choo leo, mpeleke kituo cha afya kesho asubuhi. Nitakueleza sababu, kwa kuwa wapo wengi wenye mgonjwa nyumbani mwenye hali kama hii.

Nianze na yale majimaji kwenye kanga. Usidhani mama anaharisha, wala usimpe dawa ya kuzuia kuharisha. Choo kikikaa muda mrefu kwenye puru, yaani sehemu ya mwisho ya utumbo, utumbo unaendelea kukinyonya maji mpaka kinakuwa bonge gumu. Choo laini kinachofuata kutoka juu kinakosa njia, kinapenya pembeni ya bonge na kuchuruzika bila mgonjwa kujizuia. Mzee aliyekosa choo siku kadhaa, anayehisi amejaa huku nguo zinalowa kidogo kidogo, mara nyingi ana bonge la namna hiyo. Tramadoli imechangia sana, maana dawa za jamii yake hupunguza mwendo wa utumbo.

Gliserini inafanyaje kazi? Kidonge kikiyeyuka ndani ya puru huvuta maji kutoka kwenye ukuta wa utumbo, hulainisha njia, na huuchokoza ukuta huo kidogo ili usukume. Kazi yake inaishia hapo kwenye puru. Haifiki juu, na haiwezi kukiteremsha choo ambacho bado kiko mbali. Kwa mama yako, anayehisi kitu kiko mlangoni, ina nafasi nzuri ya kusaidia. Mtu ambaye choo chake bado kiko juu atawekewa vidonge vitatu na asione kitu, kisha ataambiwa dawa ni mbovu.

Muda mzuri ni kama nusu saa baada ya kifungua kinywa, kwa sababu chakula kikiingia tumboni utumbo mpana nao huamka. Joto la Muheza linaweza kukilegeza kidonge, kwa hiyo kiweke kwenye maji baridi dakika chache kikiwa bado ndani ya karatasi yake, mpaka kikaze. Nawa mikono. Mlaze mama kwa ubavu wa kushoto, goti la kulia akilikunja kuelekea tumboni. Toa karatasi, chovya kidonge kwenye maji safi tu. Usikipake mafuta ya kujipaka, maana yanazuia maji kukifikia.

Kiingize taratibu kwa kidole, kipite ule msuli unaobana mlangoni, kiasi cha pingili moja ya kidole au zaidi kidogo. Hapa ndipo wengi wanapokosea: wanakichomeka katikati ya choo kigumu, kinabaki humo bila kufanya kazi. Kielekeze pembeni ili kiguse ukuta wa utumbo. Mama abaki amelala na ajitahidi kujizuia dakika 15 hadi 20. Kwa kawaida haja huja kati ya dakika 15 na saa moja. Anaweza kuhisi kuungua kidogo au tumbo kusokota, hilo hupita. Wakati wa kwenda chooni usimwache peke yake. Kujikamua sana kunaweza kumletea kizunguzungu, na mkono mmoja uko kwenye plasta, kwa hiyo akichuchumaa hana cha kushikia. Kama mnaweza kupata kiti cha choo, akalie hicho na miguu aiweke juu ya kigoda ili magoti yapande.

Saa moja ikipita bila kitu, usimwekee kingine siku hiyohiyo. Maana yake ni kwamba bonge ni kubwa au gumu kuliko uwezo wa dawa, na linahitaji mikono ya mhudumu. Jambo moja zaidi: vidonge hivi havimezwi. Weka boksi lake mbali na vidonge vya presha ili mama asichanganye.

Sasa ile chupa. Enema ya fosfati inauzwa ikiwa tayari kwenye chupa ya plastiki yenye mdomo mrefu, ya mtu mzima huwa na ujazo wa mililita 133. Ndani yake mna chumvi ya sodiamu na fosfati, nayo huvuta maji kwa nguvu kuingia kwenye utumbo, ndiyo maana mtu mzima mwenye afya huenda chooni ndani ya dakika chache. Usalama wake wote unategemea kutoka haraka. Ikikwama nyuma ya bonge, au kwenye utumbo uliolegea, fosfati inanyonywa na kuingia kwenye damu. Figo nzima zitaitoa. Figo zilizochoka zitashindwa, fosfati itapanda, kalsiamu itashuka, na maji yatakuwa yamevutwa kutoka mwilini. Hali hiyo inaweza kuvuruga mapigo ya moyo, kuziharibu figo na kuua.

Hilo limeshatokea. Mwezi Januari 2014 mamlaka ya dawa ya Marekani ilitoa onyo baada ya kupata taarifa za madhara makubwa, vifo vikiwamo, kutokana na dawa za sodiamu fosfati za kunywa na za enema. Waliotajwa kuwa hatarini zaidi ni pamoja na watu wenye umri unaozidi miaka 55, wenye ugonjwa wa figo, waliopungukiwa maji, wenye utumbo ulioziba au kuvimba, na wanaotumia dawa zinazoathiri figo. Humo mna dawa za presha za kundi la losartani, vidonge vya kukojoza, na dawa za maumivu kama ibuprofeni na diklofenaki. Mpime mama yako kwa orodha hiyo: umri umezidi, losartani anameza, vidonge vya kukojoza anameza, anakula kidogo na huenda hata maji hanywi ya kutosha, na njia ina bonge. Ndiyo maana nimesema chupa hiyo asipewe. Usimwachishe dawa za presha ili umpe enema. Dawa zake aendelee nazo.

Ni nani basi anayeweza kuitumia nyumbani? Mtu mzima ambaye bado si mzee, hana ugonjwa wa figo wala wa moyo, hatumii dawa nilizotaja, na hana maumivu makali ya tumbo. Atumie chupa moja tu ndani ya saa 24. Alale ubavu wa kushoto, mdomo wa chupa uwe umelainishwa, auingize bila kulazimisha, abinye polepole. Ukigoma kuingia au ukiuma, aache, kwa sababu ukuta wa puru unaweza kuchanika. Nusu saa ikipita bila dawa kutoka, aende hospitali siku hiyo. Asiongeze chupa ya pili, kwani ya kwanza bado imo mwilini. Mtoto wa chini ya miaka 2 hapewi enema ya fosfati hata kidogo, na aliyezidi umri huo apewe kwa maelekezo ya daktari tu.

Maji ya sabuni yanaonekana salama kwa kuwa sabuni ni kitu cha nyumbani. Lakini ngozi laini ya ndani ya utumbo haikuumbwa kwa sabuni. Inababuka, inavimba, na huweza kutoa damu na kuuma kwa siku kadhaa. Dawa za mitishamba zinazosukumwa kwa mpira zina hatari hiyohiyo, tena bila kipimo. Hata maji matupu yakiwa mengi hunyonywa na kuzimua chumvi ya damu, hasa kwa watoto. Kwa sababu hiyo nawasihi pia wanaowachomeka watoto wachanga kipande cha sabuni waache. Mtoto anayenyonya maziwa ya mama tu anaweza kukaa siku kadhaa bila choo, na kikija laini huku ananyonya vizuri, hana tatizo.

Ipo hali ambayo hata gliserini haifai. Mama akianza kutapika, tumbo likivimba na kukaza, upepo ukikoma kutoka, au maumivu yakiwa makali, huenda utumbo umeziba. Usimwekee kitu chochote nyuma wala usimpe dawa ya kuharisha. Mpeleke hospitali saa hiyohiyo, hata iwe usiku. Fanya hivyo pia akitoka damu nyingi, akipata homa yenye maumivu ya tumbo, au akianza kuchanganyikiwa. Na yeyote aliyefanyiwa upasuaji wa sehemu hiyo karibuni, au mwenye mchaniko au bawasiri inayouma sana, aulize kwanza.

Kesho kituoni, omba mhudumu ampime mama kwa kidole chenye glavu. Ni kipimo cha dakika moja, nacho ndicho kitakachoonyesha kama bonge bado lipo. Likiwepo, wanaweza kulilainisha na kulitoa kidogo kidogo. Usimpe pumba au nafaka nyingi kabla ya hapo, kwa sababu zinaongeza ujazo nyuma ya kizuizi. Beba dawa zake zote, na useme wazi siku alizokosa choo, ulichomwekea na saa uliyomwekea.

Kisha uliza maswali mawili. La kwanza, je, tramadoli bado inahitajika, au parasetamoli sasa itatosha? La pili, kama inahitajika, ameze dawa gani ya kulainisha choo kila siku, kama laktulosi au sena, kwa muda wote atakaotumia tramadoli? Mwili hauzoei tatizo hili la tramadoli. Utumbo utaendelea kulala kadiri dawa inavyomezwa. Gliserini ni ya kufungua njia leo. Bila kushughulikia tramadoli, wiki ijayo utakuwa unatafuta chupa nyingine dukani.