Dawa ya Mafua na Mama Anayenyonyesha Usiku

SOMO LA AFYA YA MAMA NA MTOTO

Miezi ya Juni na Julai huleta baridi kali katika maeneo ya majani chai ya Kericho na Bomet. Mafua huzunguka nyumba hadi nyumba, na vidonge vya mafua hununuliwa madukani kama sukari na chumvi. Wengi hawafahamu kwamba vidonge vingi vya aina hiyo vina dawa inayoleta usingizi mzito. Kwa mchumaji anayekwenda kulala baada ya kazi, pengine hilo si tatizo. Kwa mama aliye na mtoto mchanga ni jambo jingine, kwa sababu usiku mama huyo ni mlinzi.

Somo hili limeandaliwa kwa vikundi vya akina mama na wahamasishaji wa afya ya jamii. Linaanza na hadithi fupi ambayo tumeitunga kwa ajili ya mafunzo. Isomeni kwa sauti, kisha mjadili maelezo yanayofuata.

HADITHI

Mama kijana wa miaka 22 aliishi na mumewe karibu na shamba la majani chai. Mtoto wao wa kwanza alikuwa na wiki sita. Mume alikuwa zamu ya usiku kiwandani, na mama mkwe, ambaye kila mtu pale boma alimwita Kogo, alilala nyumba ya pili, hatua chache kutoka mlangoni.

Jioni moja ya Julai mama huyo alikuwa na mafua, kichwa kikimgonga na pua zimeziba. Kogo alimtuma mjukuu mkubwa dukani. Mwenye duka alikata vidonge viwili kutoka kwenye karatasi yake, akavifunga kwa kipande cha gazeti. Saa mbili usiku mama alivimeza vyote viwili. Saa tatu akamnyonyesha mtoto, akamlaza kitandani kando yake kama kawaida. Saa nne pua zilikuwa bado zinawasha. Akakumbuka kidonge kidogo cha manjano kilichobaki tangu mumewe alipopata mzio. Akakimeza pia.

Kila usiku mtoto aliamka saa sita kunyonya. Usiku huo aliamka vilevile. Mama alimsikia, lakini kwa mbali, kama mtoto wa jirani anayelia ng'ambo ya bonde. Alitaka kuinua mkono, mkono ukawa mzito. Akajiambia, "Naamka sasa." Hakuamka.

Mvua ilikuwa ikipiga mabati. Ilipotulia, karibu saa nane, Kogo alisikia kilio kilichokauka. Akagonga mlango, akaita, hakujibiwa. Alipoingia na tochi alimkuta mtoto amelowa, blanketi imempanda hadi midomoni, na bega la mama limemgusa kifuani.

"Mama! Wewe! Mtoto analia!"

"Ndiyo, mama," alijibu, akaketi, kisha akaanguka tena kwenye mto.

Kogo alimbadilisha mtoto nguo. Akamwegemeza mama ukutani, akamweka mtoto kwenye titi, naye akaketi palepale akimshikilia mpaka aliposhiba. Kisha akaondoka na mtoto kwenda kumlaza kwake.

Asubuhi mama aliamka matiti yamejaa na kuuma, kichwa kikizunguka. Mume aliporudi kutoka zamu alisimuliwa yaliyotokea. "Mama gani hasikii mtoto wake?" aliuliza. Mama alilia. Yeye mwenyewe alikuwa akijiuliza swali hilohilo.

Kogo hakungoja maneno yazidi. "Leteni hiyo karatasi ya dawa," alisema. "Twende zahanati."

NINI KILITOKEA?

Muuguzi wa zahanati angeanza kwa kuhesabu, nasi tuhesabu hapa.

Vidonge vya mafua vya kuchanganya huwa na dawa mbili, tatu au zaidi ndani ya kidonge kimoja. Mara nyingi moja ni parasetamoli, ya kutuliza maumivu. Nyingine ni klorofeniramini, ya kukausha makamasi na kupunguza kuwasha. Hii ya pili ndiyo iliyomo ndani ya kile kidonge cha manjano ambacho wengi huita piritoni. Mama wa hadithi alidhani amemeza dawa mbili tofauti. Kumbe alirudia dawa ileile kwa jina jingine.

Tuchukulie kila kidonge cha mafua kilikuwa na miligramu 2 za klorofeniramini. Viwili vinafanya miligramu 4, na hicho ndicho kipimo cha kawaida cha mtu mzima kwa mara moja. Kingine hakipaswi kumezwa kabla ya saa nne hadi sita kupita. Yeye aliongeza kile cha manjano, chenye miligramu 4, baada ya saa mbili tu. Ndani ya muda mfupi akawa na miligramu 8, mara mbili ya kipimo. Kiasi hicho hakikuwa sumu kwake, lakini kilimkuta mtu ambaye kwa wiki sita hakuwa amelala usiku mzima.

Klorofeniramini huleta usingizi kwa sababu huingia ubongoni. Mwilini kuna kemikali iitwayo histamini. Puani, histamini husababisha kuwasha, kupiga chafya na makamasi. Ubongoni, kemikali hiyohiyo hutusaidia kukaa macho. Dawa hii huizuia pande zote mbili: pua hukauka, na macho hufumba. Tena haitoki haraka. Kwa watu wengi, karibu siku nzima hupita kabla nusu ya dawa kuondoka mwilini. Ndiyo maana mama huyo alikuwa bado na kizunguzungu asubuhi, ingawa alimeza vidonge usiku.

Kwa hiyo swali la mume lina jibu, na jibu si uvivu wala ukosefu wa upendo. Sauti ya mtoto ilifika masikioni, lakini dawa ilikuwa imefunga njia ya kuamka.

HATARI KUBWA ILIKUWA WAPI?

Wengi watasema hatari ilikuwa njaa. Kwa mtoto wa wiki sita mwenye afya na anayeongeza uzito vizuri, kukosa kunyonya mara moja si jambo la kutisha sana. Kwa mtoto wa siku chache, aliyezaliwa kabla ya wakati au mwenye uzito mdogo, ni hatari zaidi, kwa sababu sukari yake ya damu hushuka upesi. Mtoto mchanga hunyonya mara 8 hadi 12 kwa saa 24, usiku ukiwemo.

Hatari kubwa usiku ule ilikuwa kitanda. Mama aliyelala usingizi wa kawaida huhisi mtoto akisogea, naye husogea. Mama aliyelewa dawa hahisi. Anaweza kumlalia mtoto, au blanketi ikamfunika pua, naye asijue mpaka asubuhi. Anayemeza dawa ya usingizi, hata kidonge kimoja, asilale kitanda kimoja na mtoto usiku huo, wala asimnyonyeshe akiwa amelala kwenye kochi.

Dawa pia hupita kidogo kwenye maziwa. Kipimo kidogo cha mara mojamoja kwa kawaida hakimdhuru mtoto, na si sababu ya kumwachisha kunyonya wala kumwaga maziwa. Kikirudiwa kwa siku nyingi, mtoto anaweza kusinzia kupita kiasi au kuwa msumbufu. Tena baadhi ya vidonge vya mafua vina sudoefedrini, dawa ya kuzibua pua, ambayo hupunguza maziwa ya mama.

MAMA ANAYENYONYESHA AKISHIKWA NA MAFUA

Kwanza, mwambie anayekuuzia dawa kwamba unanyonyesha, hata kama hajauliza. Chukua Kijitabu cha Afya ya Mama na Mtoto ukimwonyeshe umri wa mtoto. Nunua kwenye duka la dawa lenye kibali, na uombe kuona jina la dawa. Kidonge kilichofungwa kwa gazeti hakina jina. Ukiona neno linaloanza na herufi C-H-L-O-R, hiyo ndiyo klorofeniramini. P-R-O-M-E-T-H ni promethazini, na D-I-P-H-E-N ni difenhidramini. Nazo huleta usingizi. P-S-E-U-D-O ndiyo sudoefedrini.

Pili, jua kwamba hakuna kidonge kati ya hivi kinachoponya mafua. Mafua huisha yenyewe, kwa kawaida ndani ya wiki moja hivi. Kwa maumivu na homa, parasetamoli pekee inatosha na inafaa kwa anayenyonyesha: vidonge viwili vya miligramu 500, visirudiwe kabla ya saa sita, na visizidi vinane kwa siku. Usiiongeze juu ya kidonge cha kuchanganya, kwa kuwa humo tayari imo. Kwa pua iliyoziba, koroga nusu kijiko cha chai cha chumvi katika kikombe cha maji yaliyochemshwa na kupoa, kisha usafishe pua. Endelea kunyonyesha, nawa mikono na ufunike mdomo unapokohoa.

Tatu, ikiwa daktari au muuguzi ameamua unahitaji dawa yenye usingizi, panga usiku kabla ya kumeza. Mnyonyeshe mtoto kwanza. Chagua mtu mzima mmoja ambaye hajameza dawa wala kunywa pombe, alale chumba kimoja na mtoto na ajue saa za kunyonya. Mtoto alazwe chali mahali pake, bila mto wala blanketi nzito. Mtu huyo akuamshe, na akae nawe mpaka mtoto ashibe, kama Kogo alivyofanya. Au kamua maziwa mapema kwenye chombo safi chenye kifuniko. Yatumike ndani ya saa nne, kwa kikombe badala ya chupa.

PELEKA HOSPITALI BILA KUNGOJA

Mtoto akiwa mlegevu, haamki kunyonya, ananyonya bila nguvu, anapumua kwa shida au midomo imebadilika rangi, mpeleke kituo cha afya kilicho karibu mara moja. Mtoto aliyepita wiki ya kwanza ambaye analowesha nepi chini ya sita kwa saa 24 naye apimwe. Mama asiyeitikia kabisa anapotikiswa, au anayepumua polepole isivyo kawaida, naye apelekwe, pamoja na karatasi ya dawa.

MASWALI YA KIKUNDI

1. Mama wa hadithi alimeza dawa ileile kwa majina gani mawili? Angewezaje kujua?

2. Kogo alifanya nini baada ya mama kuketi na kulala tena? Kwa nini haikutosha kumwachia mtoto na kuondoka?

3. Nyumbani kwako, nani angekuwa macho usiku kama mume yuko zamu na hakuna Kogo karibu?

4. Kila mmoja alete vidonge vya mafua alivyo navyo nyumbani kwenye mkutano ujao. Mtafute herufi zilizotajwa hapo juu pamoja na mhamasishaji wenu wa afya.