SOMO LA ROBO HII: Unga wa Kusafisha Tumbo Usio na Lebo
Igizo fupi la redio na maelezo kwa kamati za parokia



Siku ya gulio katika kata ya Ndalambo, kama ilivyo katika masoko mengine ya mpakani mkoani Songwe, si ajabu kumkuta muuzaji mwenye spika na vifuko vidogo vya nailoni vyenye unga. Husema unga huo unasafisha tumbo, unatoa sumu na kuondoa choo kigumu. Kifuko hakina jina la dawa, kipimo, tarehe wala jina la aliyeitengeneza. Maelezo yote yako mdomoni mwa muuzaji, na gulio likifungwa yeye huondoka nayo.

Hapa chini tunaleta igizo la dakika tatu hivi, linalofaa kusomwa katika redio ya jamii au mbele ya kikundi. Watu wake ni wa kubuni. Baada ya igizo kuna maelezo ya kumsaidia mwezeshaji kujibu maswali.

IGIZO

(Sauti za gulio. Spika inasikika.)

MUUZAJI: Tumbo limejaa? Choo kigumu? Kijiko kimoja tu jioni! Usiposikia kitu, ongeza!

MTANGAZAJI: Mama mmoja alinunua kifuko. Asubuhi yake mkwewe alimfikisha zahanati akiwa ameshikiliwa mkono.

MUUGUZI: Shikamoo mama.

MAMA: (kwa sauti dhaifu) Marahaba, mwanangu. Tumbo limenimaliza.

MUUGUZI: Pole sana mama. Umekula nini, au umekunywa dawa gani?

MAMA: Unga wa gulioni. Nilikunywa kijiko saa 1 jioni. Hadi saa 3 usiku sikusikia kitu, nikaongeza kingine kama alivyosema. Saa 9 usiku nikaanza kwenda chooni. Sikurudi kitandani tena.

MUUGUZI: Ukisimama unasikiaje?

MAMA: Kizunguzungu. Miguu inakaza. Na mkojo sijaupata tangu usiku.

MUUGUZI: Mama, kijiko cha kwanza hakikushindwa. Kilikuwa bado hakijaanza kazi. Dawa nyingine za kuendesha huchukua usiku mzima. Ulipoongeza, vikakukuta vyote viwili.

MAMA: Sasa ni dawa gani hiyo?

MUUGUZI: Hapo ndipo shida ilipo. Kifuko hakisemi, nami siwezi kujua kwa kuutazama unga. Nitakupa maji ya chumvi na sukari, na nitakupima presha. Je, kifuko unacho?

MAMA: Mkwe wangu amekileta.

MUUGUZI: Amefanya vizuri sana. Tutakihifadhi.

MTANGAZAJI: Msikilizaji, dawa isiyo na jina haina kipimo. Usiinywe, usimpe mtoto, usimpe mjamzito. Ukiwa tayari umekunywa na unaharisha sana, usiongeze kijiko. Kunywa maji yenye chumvi na sukari, beba kifuko, uende zahanati.

(Mwisho)

MAELEZO KWA MWEZESHAJI

Kiini cha igizo ni saa. Sanamaki, mmea unaotumika sana katika dawa za namna hii, hufanya kazi baada ya saa 6 hadi 12, kwa sababu hauanzi kazi mpaka ufike kwenye utumbo mpana. Lakini haluli, ambayo ni chumvi ya magnesiamu, huweza kuanza ndani ya nusu saa. Mtu asiyejua amekunywa ipi hawezi kujua asubiri kwa muda gani. Ndiyo maana neno la muuzaji, “usiposikia kitu, ongeza”, ni la hatari kuliko hata unga wenyewe.

Jambo la pili ni kipimo. Vidonge vya sanamaki vya duka la dawa mara nyingi huwa na miligramu 7.5 za kiini chake, na mtu mzima hunywa 2 hadi 4 kwa siku, yaani miligramu 15 hadi 30. Sasa tuchukue kijiko cha chai kilichojaa unga wa majani hayo, tuseme gramu 3. Majani mazuri huwa na kiini kiasi cha asilimia 2.5, hivyo kijiko hicho kina miligramu 75, sawa na vidonge 10. Vijiko viwili ni vidonge 20. Mama wa igizo hakuwa mlafi wa dawa. Alipima kwa chombo alichoambiwa. Hesabu hii ibaki kwa mwezeshaji, isisomwe redioni, kwani msikilizaji anaweza kuidhania kuwa ni maelekezo ya kutumia.

Wengine hudai wanautambua unga kwa rangi. Ni kweli kwamba sanamaki iliyosagwa huwa ya kijani iliyofifia, na haluli ni nyeupe kama chumvi. Lakini zikisagwa pamoja, au zikichanganywa na kitu kingine, jicho halisaidii tena.

Wako watu ambao hata kipimo kidogo huwadhuru. Mwenye ugonjwa wa figo akinywa haluli hushindwa kutoa magnesiamu mwilini. Misuli hulegea, na kupumua kunaweza kupungua. Mwenye maumivu makali ya tumbo na kutapika anaweza kuwa na kidole tumbo au utumbo uliojifunga, na dawa ya kuendesha huweza kuupasua. Mtoto mdogo hupungukiwa maji kwa saa chache. Mwanamke anayetumia vidonge vya uzazi wa mpango akiharisha sana anaweza kupoteza kinga yake kwa siku hizo.

Dalili za kumkimbiza mtu zahanati ni kizunguzungu akisimama, macho kuingia ndani, kukosa mkojo, misuli kukaza, moyo kwenda mbio, damu kwenye choo, au mtoto kulegea. Njiani apewe pakiti ya ORS iliyokorogwa katika lita 1 ya maji safi. Kama haipo, tumia lita 1 ya maji safi, vijiko vidogo 6 vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, vyote vikiwa vimesawazishwa. Apewe kidogo kidogo. Asipewe dawa ya kufunga kuhara kabla ya kupimwa.

Igizo hili halilaumu tiba asili yote. Tanzania ina Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala ya mwaka 2002, na Baraza lake husajili waganga na dawa zao. Dawa za kisasa husimamiwa na Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba (TMDA), iliyochukua nafasi ya TFDA mwaka 2019. Swali la kumwuliza muuzaji yeyote ni moja: jina la dawa na namba ya usajili viko wapi kwenye kifuko? Kamati ikipata kifuko kisicho na lebo, isikimwage. Ikipeleke kwa mfamasia wa wilaya, pamoja na siku na mahali kiliponunuliwa.

Mwenye choo kigumu aanze na maji ya kutosha, mboga za majani, maharage na matunda. Akikosa choo kwa zaidi ya wiki, au akikonda, aende kupimwa.

MASWALI YA KUJADILI

1. Kwa nini mama aliongeza kijiko cha pili? Wewe ungeambiwa nini ili usiongeze?
2. Katika gulio letu, nani huuza unga wa namna hii, na wanunuzi wengi ni akina nani?
3. Wazee wasiosikiliza redio watafikiwaje? Nani ataweza kulieleza somo hili kwa Kinyamwanga?
4. Toka kwenye gulio hadi zahanati ni mwendo gani usiku, na nani ana chombo cha usafiri?