SOMO LA ORDINATERE: BARUA YA IMELI INAPORUDISHWA



Wengi kati yenu munajua kufunga fishie kwenye barua ya imeli na kuituma. Lakini siku barua inarudi, naona watu wanafanya kitu kimoja tu: wanaituma tena, kiisha tena, mpaka forfe inaisha. Leo tujifunze kusoma ile barua inayorudi, maana sababu ya kukataliwa imeandikwa mule ndani.

Nitaanza na jambo lililotokea hapa kwetu. Mama sekretere alipaswa kutuma karatasi za wanafunzi wa mwaka wa sita kwa ofisi moja mjini, mbele ya saa kumi siku ya Ijumaa. Yule ambaye karatasi zake hazifiki, jina lake haliingii katika liste. Alikuwa amepitisha kurasa 12 kwa skana, akapata fishie moja ya PDF yenye uzito wa 9,1 Mo. (Ordinatere zetu ziko kwa Kifaransa, basi zinaandika Mo, kwingine mutaona MB. Ni kitu kimoja.) Saa nane akaniita.

«Mwalimu, uje uone. Barua imerudi mara tatu. Wale wa ofisi walisema kipimo chao ni 10 Mo. Yangu iko na 9,1. Sasa kosa liko wapi?»

«Mama, si wewe umekosa. Tufungue kwanza ile iliyorudi.»

Hakuwa ameifungua. Aliona tu jina «Mail Delivery Subsystem» akadhani ni matangazo. Ndani yake, chini ya maneno mengi, kulikuwa mustari huu:

```
552 5.3.4 Message size exceeds fixed limit
```

Tuuchambue. Namba inayoanza na 5 ni kusema: nimekataa kabisa, usijaribu tena bila kubadili kitu. Kama ingeanza na 4, maana yake ni: sasa haiwezekani, ngoja kidogo. Halafu tuangalie zile namba tatu zenye nukta. Ya katikati inaonyesha fasi yenye shida. Ikiwa 2, shida iko kwa sanduku la yule mutu anayepokea. Ikiwa 3, ni serveri yenyewe inayokataa. Ikiwa 7, ni mambo ya usalama. Hapa ilikuwa 5.3.4: barua ni nzito kupita kipimo cha serveri. Kumbuka vizuri: si Gmail ya Mama iliyokataa, maana Gmail inakubali viambatanisho mpaka 25 Mo. Barua ilitoka hapa kwetu vizuri, ikafika kwa mulango wa ofisi, mulango ukaikataa.

Sasa tujibu swali la Mama. Namna gani 9,1 inapita 10?

Imeli iliundwa zamani kwa kubeba herufi tu. Foto, PDF au muziki si herufi. Basi mbele ya kusafiri, ordinatere inageuza fishie yote kuwa herufi za kawaida. Tangu mwaka 1992 kuna kanuni ya kazi hiyo, na namna inayotumika sana inaitwa base64. Inachukua okte 3 za fishie na kuziandika kwa herufi 4. Angalia mufano mudogo, herufi tatu abc zikigeuzwa:

```
abc  ->  YWJj
```

Tatu zimekuwa ine. Tena, nyuma ya kila herufi 76 inaongeza alama mbili za kumaliza mustari. Ukifanya hesabu, okte 57 za fishie zinasafiri kama okte 78. Gawanya 78 kwa 57, unapata karibu 1,37. Ndiyo namba ya kushika kichwani: uzito wa fishie mara 1,37 ndio uzito wa barua njiani.

Ya Mama ilikuwa 9,1 × 1,37, ni karibu 12,5 Mo. Mulango wa 10 ukaikataa kwa haki. Na tazameni hasara: mara tatu alizotuma, mara tatu ile fishie ilipanda kwa koneksio yetu nzima, na forfe ikakatwa kila mara. Kurudishwa hakurudishi mega. Kwa serveri ya 10 Mo, mimi sipitishi fishie ya zaidi ya 7 Mo.

«Basi tuifunge kwa zip, itakonda,» Mama akasema. Tukafunga. Kutoka 9,1 ikafika 9,0. Mama akanitazama kama vile nimemudanganya.

Hapa wengi wanakosea. Zip inakamua maji yaliyomo. Fishie ya maneno matupu, au jedwali la pointi lililoandikwa kama maneno matupu, iko na maji mengi: maneno yanarudiarudia, na zip inaweza kuikata hata zaidi ya nusu. Lakini kurasa za skana ni foto za JPEG, na JPEG ni muhogo uliokwisha kukamuliwa. Ukiukamua mara ya pili, hakuna kitu kinatoka. Ni vile vile kwa video na muziki wa MP3. Kwa hizo, faida ya zip ni kukusanya fishie nyingi katika furushi moja, basi.

Dawa ya kweli ilikuwa kurudi kwa skana. Mama alikuwa amepitisha kwa rangi na kwa 300 dpi. Ukurasa wa A4 kwa 300 dpi una nukta 2480 kwa 3508, karibu milioni 8,7. Ukishuka kwa 150 dpi, upana unakuwa nusu na urefu nusu, kwa hiyo nukta ni robo tu. Tukachagua 150 dpi, rangi ya kijivu, tukapitisha tena kurasa zote 12. Fishie ikatoka na 1,8 Mo. Mara 1,37 ni karibu 2,5. Tukaikuza kwa ekrani tuone kama mihuri na majina vinasomeka. Mihuri miwili haikusomeka vizuri, tukaipitisha peke yake kwa 200. Saa tisa na nusu barua ilikwenda, na haikurudi.

Kisha zikabaki foto za wanafunzi, 60, kila moja karibu 4 Mo. Hizo ni 240 Mo, hakuna imeli inayozibeba, na ofisi ilitaka foto nzima zisizopunguzwa. Hapo ndipo dosie ya pamoja inafaa. Tulitengeneza dosie katika Google Drive (bure unapewa Go 15 kwa Drive, Gmail na foto, zote pamoja), tukapandisha foto mule, tukatuma kiungo tu. Kupandisha kulichukua usiku, lakini koneksio ikikatika unaendelea na foto zilizobaki, huanzi upya zote.

Jumatatu asubuhi ofisi ikapiga simu: «Tunabonyeza, inatuambia tuombe ruhusa.» Ni kosa linalotokea kila mara, na lilikuwa langu. Ukifungua «Partager», chini yake kuna mahali pa kuchagua. Kwanza iko kwa «Limité»: ni wale tu uliowaandika majina ya imeli wanaoweza kuingia. Mimi nilituma kiungo bila kuandika imeli ya mutu yeyote. Ukichagua «Tous les utilisateurs disposant du lien», kila mwenye kiungo anaingia, hata yule ambaye kiungo kilimufikia kwa njia ya pembeni. Kwa picha za watoto wa watu mimi sikupenda hilo. Niliandika imeli ya yule karani, nikamupa ruhusa ya kusoma tu, na alipothibitisha kwamba amezichukua zote, nikafunga dosie. Kwa kujipima mwenyewe mbele ya kutuma: fungua kiungo chako katika dirisha la siri la navigateri, fasi ambapo hukuingia na imeli yako. Kile unachoona pale ndicho atakachoona mutu asiyeandikwa katika liste.

Mutauliza: kwa nini si WhatsApp? WhatsApp inabeba fishie mpaka Go 2. Lakini ukituma foto kama foto, inaikamua yenyewe, na yule anayepokea hapati ile ya kwanza. Bonyeza alama ya kufunga fishie, chagua «Document», kiisha utafute foto pale. Itafika kama ilivyo. Ubaya mwingine ni kwamba fishie inaingia katika telefone ya mutu mumoja. Karani akibadili telefone, ofisi haina kitu.

Sasa ile namba 7. Mwanafunzi mumoja wa klabu yetu alitengeneza programu ndogo ya kuhesabu mwafaka wa pointi, akataka kuitumia rafiki yake wa shule nyingine. Jina lake liliishia na .exe. Gmail ikakataa, namba yake 5.7.0. Akaifunga kwa zip. Ikakataliwa vile vile, juu Gmail inafungua zip na kutazama yaliyomo. Akabadili jina, akaandika .txt kwa mwisho. Nikamuonyesha kwamba jina ni nguo tu: programu ya Windows inaanza daima na herufi MZ, zip inaanza na PK, PDF inaanza na %PDF, na walinzi wengi wanasoma herufi hizo, hawasomi jina tu. Tena, rafiki angepokea kitu ambacho hawezi kukifungua bila kuambiwa siri. Walinzi hawa wanakataa aina hiyo kwa sababu virusi vingi vinasafiri hivyo, na serveri haiwezi kujua kwamba wewe ni mutoto mwema. Mwishowe alinakili mistari ya programu yake ndani ya barua yenyewe, kama maneno. Ilikuwa kurasa mbili tu. Rafiki aliisoma, akaona hata kosa moja la hesabu.

MAZOEZI

1. Serveri ya mupokeaji inakubali barua za 10 Mo. Una fishie mbili: moja ya 6 Mo, nyingine ya 8 Mo. Ipi itapita? Onyesha hesabu.

2. Barua yako imerudi na namba 552 5.2.2. Je, kukondesha fishie kutasaidia? Angalia namba ya katikati, kiisha ueleze ungempigia nani simu na ungemwambia nini.

3. Una foto 20 za JPEG na jedwali moja la maneno. Zip itakondesha nini, na itaacha nini karibu vile vile?

Majibu yaletwe katika kalasi ya ordinatere mbele ya Jumatano.